Skrini Inasema A, Pedi Inasema 3

Pedi nyingi za USB nilizozishika katika vibanda vya gemu vya Meru na Embu zina vitufe vinne vya kulia vilivyoandikwa 1, 2, 3 na 4. Gemu nayo inakuambia ubonyeze A. Sasa A iko wapi? Jambo hili lina historia yake.

Zamani Windows ilizisoma pedi kupitia DirectInput, ambayo iliipa gemu namba tu: kitufe cha 0, cha 1, cha 2. Mtengenezaji wa gemu hakujua namba ipi iko upande gani, hivyo mchezaji alijipangia vitufe mwenyewe. Mwaka 2005 Microsoft ilileta XInput pamoja na pedi ya Xbox 360. A ikawa kitufe cha chini daima, na gemu ikaweza kuchora ikoni bila kuuliza. Lakini XInput ilizijua pedi za aina ya Xbox pekee. Wenye pedi za bei nafuu wakatumia programu kama x360ce, inayoifanya pedi yoyote ijifanye Xbox. Gemu ikachezeka, ikoni zikabaki za Xbox.

Mwaka 2013 ikaja SDL 2, maktaba ya programu inayoitambua pedi kwa namba ya utambulisho wake, kisha kutafuta mpangilio wake katika orodha. Mstari wa pedi yangu una sehemu hii:

```
a:b2,b:b1,x:b3,y:b0
```

Hesabu huanzia 0, kwa hiyo `b2` ndicho kitufe kilichoandikwa 3, kilicho chini. Kumbe `a` hapa ni mahali, wala si maandishi. SDL 3, iliyotoka 2025, inatenganisha mambo hayo mawili: mahali panaitwa `SDL_GAMEPAD_BUTTON_SOUTH`, na `SDL_GetGamepadButtonLabel` ndiyo inayoulizwa kimeandikwa nini. Kwa PlayStation utachora msalaba. Usipopata jibu, chora duara nne na ujaze rangi ile ya chini. Mwenye pedi ya namba ataelewa.

Imebaki kubadilisha kifaa katikati ya mchezo. Kanuni ni kwamba kifaa kilichotumika mwisho ndicho kinachoamua ikoni. Mchezaji akibonyeza kibodi, mlango uonyeshe E. Akigusa pedi, uonyeshe kitufe cha chini. Hapo ndipo pedi kuukuu husumbua. Kijiti kilicholegea hutuma thamani ndogo ndogo hata kisipoguswa, na ikoni hurukaruka kati ya E na pedi. Weka kizingiti: Microsoft walipendekeza 7849 kati ya 32767 kwa kijiti cha kushoto, yaani karibu robo ya mwendo wake. Kipanya nacho kipe kizingiti, maana meza ikitikiswa husogea.

Kujipima ni rahisi. Acha pedi iliyochakaa mezani, uchape kibodi kwa dakika moja. Ikoni ikigeuka hata mara moja, kizingiti chako bado ni kidogo.