Jina la Khanga kwa Kiarabu: Fumbo Libaki Fumbo

Wahakiki wengi wa fasihi yetu hulitazama jina la khanga kama methali fupi iliyochapwa kwenye nguo. Mimi nadhani mtazamo huo una kasoro, na kasoro yenyewe huonekana wazi pale jina linapopigwa picha na kupelekwa katika lugha nyingine. Katika makala haya nitaishughulikia lugha moja tu, Kiarabu, kwa sababu historia ya khanga haiwezi kutenganishwa nayo.

Tuanze na historia kwa ufupi. Khanga ilizuka katika pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, kutokana na leso za Kireno zilizokuwa zikiunganishwa kwa kushonwa. Khanga za mwanzo hazikuwa na maneno. Maneno yaliingia mwanzoni mwa karne ya 20, na anayetajwa mara nyingi kuhusika na hatua hiyo ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye khanga zake zilijulikana kwa alama ya “Mali ya Abdulla”. Majina ya zamani yaliandikwa kwa Kiswahili lakini kwa hati ya Kiarabu. Baadaye herufi za Kirumi zikachukua nafasi. Kwa hiyo msomaji wa Kiarabu si mgeni kabisa hapa: kuna wakati aliweza kuzisoma herufi za khanga bila kujua lugha iliyozibeba.

Leo hali imegeuka. Zipo familia za Oman zenye asili ya Unguja, nyingi zikiwa zimehamia huko baada ya mapinduzi ya 1964 na hasa baada ya 1970. Bibi anajua Kiswahili na sandukuni ana doti zake. Mjukuu anasoma Kiarabu. Akionyeshwa picha ya khanga ya bibi yake, anahitaji maelezo chini ya picha. Maelezo hayo yasemeje?

Kabla ya kujibu, tujiulize fumbo la khanga limekaa wapi. Mhakiki wa Kiarabu Ibnul-Athir, aliyefariki mwaka 1239, alitofautisha kinaya na taaridhi. Kwa maelezo yake, kinaya imo ndani ya neno lenyewe. Taaridhi haimo katika neno hata kidogo. Huzaliwa na hali. Mfano wake ni wa mtu anayemwambia tajiri kwamba yeye ni mhitaji na baridi inamtesa. Hakuna neno la kuomba katika kauli hiyo, wala hakuna sitiari, lakini tajiri anajua kwamba ameombwa. Sisi tumelichukua neno kinaya na kulitumia madarasani kila siku, taaridhi tukaiacha nje. Ni hasara, maana khanga ni taaridhi tupu.

Tuchukue jina moja: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Kwa juu juu ni wosia wa nahodha. Kila chombo kina safari yake, na anayefuata nyota ya mwingine atafika kusiko kwake. Chini yake kuna nyota kwa maana ya bahati. Hadi hapo tumo katika kinaya. Taaridhi inaanza pale mwanamke anapoivaa khanga hiyo akapita mbele ya jirani anayemwiga kila kitu, au mbele ya mtu anayemnyemelea mumewe. Maneno hukaa chini ya mji wa khanga, karibu na pindo, na mvaaji akijifunga huangukia nyuma. Anayesoma ni yule aliyeachwa nyuma. Na akiulizwa, “Hivi mimi ndiye uliyenikusudia?” mvaaji ana jibu tayari: “Shoga, mie nimependa rangi tu.” Kukana huko ni sehemu ya fumbo. Basi kipimo changu cha tafsiri ni hiki: je, baada ya kutafsiriwa, mvaaji bado anaweza kukana?

Sasa Kiarabu kinaleta mtihani wake. Kiswahili hakina jinsia katika kitenzi. “Usisafirie” ni ya mwanamume na ya mwanamke pia. Kiarabu lazima kichague. Ukisema “la tusafir”, unamwambia mwanamume, na msomaji ataichukua kama hekima ya jumla, mawaidha ya mzee kwa kijana. Jirani ameponyoka. Ukisema “la tusafiri”, irabu ya mwisho ikiwa ndefu, umeongeza herufi ya ya inayoonekana kwa macho, na hapo umemnyooshea mwanamke kidole. Taaridhi imekuwa ugomvi, na mvaaji hana tena pa kukimbilia. Njia zote mbili zimelilaza fumbo, moja kwa kuliondolea mlengwa, nyingine kwa kumtaja.

Njia ya tatu ninayoipendekeza imo katika maandishi yenyewe. Kiambishi “-ko” cha Kiswahili, au “-o” katika “mwenzio”, kwa Kiarabu ni herufi kafu. Kwa mwanamume husomwa “-ka”, kwa mwanamke “-ki”, lakini tofauti hiyo iko katika haraka, na maandishi ya kawaida hayatii haraka. Hivyo tuiache amri, tuseme: “najmu ghairik la yahdik”, yaani nyota ya asiyekuwa wewe haikuongozi. Kitenzi sasa kinafuata nyota, si msikilizaji. Kafu zote mbili zinabaki wazi. Mwanamume akisoma ataona hekima. Mwanamke anayejijua ataisoma kwa kasra mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu. Na mvaaji atakana: “Nani aliyetia haraka hapo?”

Njia hii ina gharama, na sipendi kuificha. Kwanza, amri imekuwa taarifa, na makali ya “usi-” yamepungua. Pili, “ghairi” ni mtu mwingine yeyote, wakati “mwenzio” ana ukaribu unaouma: ni mwenzio, mnashinda pamoja, kumbe unamwiga. Kiarabu kina “sahiba”, lakini ta marbuta yake inatangaza mwanamke tangu mbali. Tatu, ukilisoma jina kwa sauti, ulimi unalazimika kuchagua irabu pale katikati. Fumbo hili linaishi katika maandishi tu. Lakini hata khanga haisemi. Husomwa kimya, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Kuna mtego mwingine kwa mfasiri mvivu: maneno yaliyotoka Kiarabu. HASIDI HANA SABABU inaonekana kama imejitafsiri yenyewe, “al-hasidu la sababa lahu”. Lakini Mwarabu akikutana na “hasidi” atakumbuka haraka Suratul-Falaq na kinga dhidi ya jicho. Maneno yamefika salama, jirani ameachwa bandarini. Hapa ni bora kuanza na “man”, yaani “yeyote”, ili msomaji aanze kujiuliza ni nani.

Lililobaki ni la picha. Khanga ikitandazwa na kupigwa picha peke yake, mvaaji ametoweka pamoja na aliyekuwa nyuma yake. Maelezo yasijaribu kuziba pengo hilo kwa kuandika “maana yake ni kumkemea jirani mwenye kijicho”. Huo ni umbeya, tena si kweli kila mara, maana khanga hiyo hiyo anaweza kuinunua binti kumpa mama yake kwa rangi tu. Natosheka na mistari mitatu: jina kama lilivyochapwa, Kiarabu kisicho na haraka, na sentensi moja ya hali, kwamba maneno haya huvaliwa mgongoni na husomwa na anayefuata nyuma. Mjukuu wa Muscat akishasoma hayo, aachwe atafute mwenyewe bibi yake alikuwa akimpita nani.