Kujipinda kwa chuma: kanuni ipi kwa mguu wa mnara wa tangi?

Ukitoka Nyeri mjini kuelekea Karatina, au ukipanda hadi Nanyuki, si rahisi kumaliza safari bila kuona tangi jeusi la plastiki limeinuliwa juu ya mnara wa chuma, nyuma ya nyumba, shule au hoteli. Minara mingi ya namna hiyo huungwa na mafundi wa jua kali kwa bomba la mraba, lile wanaloliita skwea tyubu. Miguu ya mnara inabeba mzigo kwa kusukumwa kutoka juu kwenda chini, na ni hapo linapozaliwa tatizo ambalo katika makala haya nitaliita kujipinda.

Nimechagua neno hilo kwa sababu kupinda peke yake hakutoshi. Boriti iliyolala ikibebeshwa mzigo hupinda, na upande itakakopinda unajulikana mapema. Mguu uliosimama wima husukumwa kwa urefu wake, hakuna anayeusukuma ubavuni, lakini mzigo ukifika kiwango fulani huchomoka wenyewe kwenda kando. Kwa hiyo: kujipinda. Kuko kwa aina mbili. Kujipinda kinyumbufu ni pale chuma chote kinapokuwa bado ndani ya kikomo cha unyumbufu wake, hivi kwamba ukiwahi kuuondoa mzigo mguu hurudi ulivyokuwa. Kujipinda kusiko kwa kinyumbufu hutokea pale sehemu ya chuma inapokuwa imeshavuka kikomo hicho, na mguu unabaki na kovu hata tangi likimwagwa maji.

Kinachoamua aina ni wembamba wa mguu. Wembamba ni urefu kati ya viungo viwili vinavyouzuia mguu kwenda kando, ukigawanywa kwa kipimo kinachoonyesha chuma kimetawanyika umbali gani kutoka katikati ya umbo. Kipimo hicho huandikwa i, na hupatikana kwenye majedwali ya watengenezaji. Mguu mwembamba sana hujipinda kinyumbufu, na kanuni yake aliitoa Leonhard Euler mwaka 1744:

σ = π²E / λ²

Hapa λ ni wembamba, na E ni ukakamavu wa chuma, ambao Kanuni za Ulaya huuhesabu kuwa 210,000 N/mm². Mguu mfupi mnene haujipindi kabisa, bali hubonyea tu chuma kikifika kikomo. Taabu iko kwa miguu iliyo katikati, na bahati mbaya miguu mingi ya minara iko huko huko.

Tuchukue mnara wa tangi la lita 10,000 wenye miguu minne ya bomba la 40 kwa 40 lenye unene wa milimita 2, na vyuma vya kukingama kila baada ya mita 1.4. Bomba hilo lina eneo la chuma la milimita mraba 294, na i yake ni milimita 15.4. Wembamba basi ni 1,400 kwa 15.4, yaani 91. Chuma tukichukulie kuwa na kikomo cha 235 N/mm². Maji peke yake yana uzito wa karibu kilonyutoni 98, ambao ukigawanywa kwa miguu minne ni 24.5 kwa kila mguu. Tangi tupu na jukwaa lake tuyakadirie kilonyutoni 1.5 kwa mguu. Upepo ukisukuma tangi kwa mshazari, mguu wa upande wa pili unapata nyongeza, tuseme 10. Jumla ni 36.

Mhandisi aliyezoea Euler atapata mkazo wa 251 N/mm², na kwa hiyo uwezo wa kilonyutoni 74. Ataona usalama wa mara mbili, atatia sahihi, ataenda zake. Lakini tazama hiyo 251 tena. Chuma hiki kinafika kikomo kwenye 235. Kanuni inaahidi kwamba mguu utabaki ukirudi wima katika mkazo ambao chuma chenyewe hakiwezi kuufikia bila kulegea. Jibu kama hilo ni kanuni ikikuambia kwamba umeitumia nje ya mahali pake.

Njia ya zamani ya kurekebisha ni mchirizo wa Johnson, ambao huanza kwenye kikomo cha chuma kwa mguu mfupi na kushuka taratibu hadi kugusana na mstari wa Euler pale ambapo mkazo wa Euler ni nusu ya kikomo. Kwa chuma cha 235, mguso huo uko kwenye wembamba wa 133. Chini ya hapo tumia Johnson, juu ya hapo tumia Euler. Kwa mguu wetu Johnson anatoa 180 N/mm², yaani kilonyutoni 53. Ni afadhali sana, lakini bado ni jibu la mguu ulionyooka.

Mguu wa jua kali haujanyooka. Bomba limekunjwa likiwa baridi kiwandani, na mikazo ya kukunjwa imebaki ndani yake. Kisha fundi anachomelea vyuma vya kukingama upande mmoja, chuma kinapoa na kuuvuta mguu. Funga uzi juu na chini ya mguu, uukaze, utaona nafasi kati ya uzi na bomba; milimita chache zinatosha kubadilisha hesabu. Kwa sababu hiyo Kanuni ya Ulaya ya 3 haichagui kati ya kanuni mbili. Kwa kila aina ya umbo inatumia mchirizo mmoja, wenye asili katika kazi ya Ayrton na Perry ya 1886 na ya Robertson ya 1925, ambao tangu mwanzo unakubali kwamba mguu una upindo kidogo. Kwa bomba lililokunjwa baridi, mchirizo wake c unatoa 131 N/mm², ambayo ni kilonyutoni 38.6. Usalama uliokuwa mara mbili umeyeyuka: 38.6 dhidi ya 36.

Euler hudanganya hata kwenye marekebisho. Kwa kanuni yake, ukipunguza nafasi ya viungo kutoka mita 1.4 hadi 1.0, uwezo unakaribia kuwa maradufu. Kwa mchirizo c unapanda hadi kilonyutoni 50 tu, kwa sababu katika eneo hili la kati kikomo cha chuma kina sauti sawa na urefu. Hii pia ndiyo sababu chuma cha daraja la juu husaidia hapa, ilhali kwa mguu mwembamba sana hakiongezi karibu chochote, kwani E ni ile ile.

Mguu ukishajipinda, unaweza kujua ni aina gani. Angalia katikati ya kipande kilichopinda, upande wa ndani wa mpindo: rangi iliyopasuka na kubanduka kwa mistari, au ukuta wa bomba uliobonyea kama kunjo, ni dalili kwamba chuma kilivuka kikomo. Mguu kama huo hauwekwi wima upya kwa nyundo na kurudishiwa tangi. Unakatwa na kubadilishwa.

Kwa mnara huu, dawa ya bei nafuu ni bomba la 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 3, kwa nafasi ile ile ya mita 1.4. Mchirizo c unalipatia kilonyutoni 85. Ukilinunua, pima ukuta wake kwa kalipa kabla ya kulipa, maana hesabu hii yote ni ya bomba lenye milimita 3 kweli.