Tao

Kwenye jiometri, tao ni kipande cha duara. Wahandisi wa udhibiti wanalo lao, kubwa lisilo na kikomo. Chukua mtambo 4/(s(s+1)(s+2)). Masafa yakiwa karibu na sifuri, mchoro wa Nyquist huanzia chini kabisa, kando ya mstari wa −3. Hupanda, hukata mhimili halisi kwenye −0.67, kisha huishia sifuri. Masafa hasi hutoa taswira yake ya kioo. Ncha mbili zilizobaki wazi huunganishwa na tao, kwa mwelekeo wa saa, kupitia kulia. Wengi hulipitisha kushoto, likaizingira −1 bure! Hapa −1 haizingirwi, na mtambo hauna nguzo upande wa kulia, hivyo mfumo uliofungwa ni tulivu. Kiongezi kikipandishwa kutoka 4 hadi kupita 6, utulivu hutoweka.