Siku nne za saa kumi: hesabu ya kinu cha alizeti Iguguno

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Hata hivyo, inaruhusu mwajiri na mfanyakazi kukubaliana kwa maandishi juu ya siku ndefu zaidi, hadi saa 12 pamoja na mapumziko ya chakula, bila malipo ya saa za ziada, mradi saa za kawaida za wiki zisizidi 45. Siku nne za saa kumi, kwa hiyo, ni halali. Kama zina faida ni suala jingine.

Tuchukue kinu cha mfano cha kukamua alizeti Iguguno, wilayani Mkalama. Kina wafanyakazi watano, na kila siku kinahitaji wanne: wa mashine, wa kulisha mbegu, wa kuchuja mafuta na wa mzani. Kila mmoja akifanya kazi siku tano za saa nane, zinapatikana zamu 25, na siku sita za wiki zinahitaji 24. Wakifanya siku nne za saa kumi, zamu ni 20 tu: kinu kinafungwa siku moja zaidi, na mkulima aliyeleta magunia siku hiyo anakwenda kwingine.

Lakini mashine inaeleza habari tofauti. Ikiwa baridi haikamui vizuri. Mashudu ya mwanzo hutoka na mafuta mengi na hurudishwa ndani. Jioni lazima isafishwe, la sivyo mashudu hukauka na kuikwamisha. Tukikadiria kwamba shughuli hizo hula dakika 45 kila siku, siku sita za saa nane zinabakiza saa 43.5 za kukamua, na siku tano za saa kumi saa 46.25. Uzalishaji unapanda kidogo huku huduma ikishuka.

Kuhusu uchovu, uchambuzi wa Folkard na Lombardi wa mwaka 2006 ulikadiria kuwa hatari ya ajali katika zamu ya saa kumi inazidi ya saa nane kwa takribani asilimia 13. Watetezi wa siku nne hutaja mapumziko ya siku tatu. Sawa, ila msimu wa mvua siku hizo huishia kwenye jembe, na anayerudi kinuni amechoka zaidi ya alivyoondoka. Hoja yao ina nguvu baada ya mavuno, wakati ambao pia alizeti ni nyingi.

Kwa wafanyakazi watano, basi, siku tano za saa nane ndizo zinazofaa. Akiongezwa wa sita, siku nne zinatoa zamu 24 kamili, na mashine inazunguka saa 60 kwa wiki badala ya 48. Mwenye kinu asisaini makubaliano hayo kabla ya kumpata huyo wa sita, na usafishaji wa mashine usiachiwe aliyekuwapo tangu asubuhi.