Bajeti ya siku, bajeti ya muda wote, na dau

Anayesponsa tangazo la duka lake pale Bagara, Babati mjini, kwenye Facebook au Instagram, huulizwa kabla ya kulipa: bajeti iwe ya siku au ya muda wote? Wapo wanaoiita hiyo ya pili "bajeti ya maisha", na tafsiri hiyo naikataa. Tangazo lina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na bajeti ya aina hii haipangwi bila tarehe ya kwisha. "Muda wote" ndilo jina linalosema kinachotendeka. Unatoa fungu moja, tuseme shilingi 70,000 kwa siku saba, na mtandao unaligawa wenyewe. Jumamosi inaweza kula 14,000 na Jumanne 6,000, lakini fungu halivukwi.

Jina la "bajeti ya siku" lina hatari zaidi, kwa sababu kila mtu anadhani amelielewa. Chukua fundi samani aliyeandika 10,000 kwa siku. Anatarajia kukatwa 10,000 kila siku. Asubuhi moja anakuta zimekwenda 16,000, na anaamini ameibiwa. Kwa Meta, kampuni yenye mitandao hiyo, ile 10,000 ni wastani. Siku yenye nafasi nzuri inaweza kutumia hadi asilimia 75 zaidi, yaani 17,500, kisha siku nyingine zikapungua. Kinachobanwa ni wiki, kuanzia Jumapili hadi Jumamosi: isizidi bajeti ya siku mara saba. Ningefurahi tukisema "wastani wa siku", kwani hapo fundi angejua mapema kwamba hesabu inafungwa kwa wiki. Na akisahau kuweka tarehe ya mwisho, tangazo lake litaendelea kula pesa hata baada ya makabati kuuzwa.

Lakini bajeti, ya siku au ya muda wote, inasema tu pesa kiasi gani zitoke. Idadi ya watu watakaoliona tangazo huamuliwa kwingine, kwenye mnada. Neno hili kwetu Manyara lina maana yake: siku ya mnada mnunuzi anasimama mbele ya ng'ombe, anapatana na mwenyewe, na mwenye pesa nyingi huondoka naye. Mnada wa matangazo hauendi hivyo. Kila nafasi inapotokea kwenye simu ya mtu, matangazo yanayomtaka mtu huyo hushindanishwa papo hapo, na dau ni sehemu moja tu ya hesabu. Dau huzidishwa kwa uwezekano wa mtu yule kufanya unachotaka, kama kutuma ujumbe. Kisha huongezwa ubora wa tangazo lenyewe.

Tuweke namba za mfano, za matangazo mawili yenye ubora sawa. Muuza simu ana dau la shilingi 600 kwa kila ujumbe, na uwezekano wa mtu huyu kumwandikia ni 1 kwa 100. Thamani yake ni 6. Fundi wetu ana dau la 300, lakini picha ya kabati lake inavutia, na uwezekano ni 3 kwa 100. Thamani yake ni 9. Fundi anashinda kwa nusu ya dau. Kwa hiyo nalipenda neno "dau" kuliko "zabuni", ambayo inanukia bahasha na kamati ya manunuzi. Dau unaliweka mezani bila uhakika wa kushinda, na ukishinda huenda ukalipa pungufu ya ulichoweka.

Watu wengi hawaandiki dau lolote. Wanauachia mtandao utafute matokeo mengi iwezekanavyo kwa bajeti iliyopo, na kwa duka dogo huo ndio uamuzi ninaouunga mkono. Anayeweka kikomo cha dau akakiweka chini mno ataona dalili moja ya wazi: bajeti ni 10,000, jioni zimetumika 1,200. Hapo kuongeza bajeti hakusaidii kitu; anashindwa minada, na dawa ni kupandisha kikomo au kuboresha tangazo.

Wakati mwingine pesa zote zinatumika lakini watu hawaongezeki. Kuonekana mara 1,000 kukigharimu 6,000, shilingi 10,000 hununua kuonekana mara 1,667 hivi. Kama kila mtu ameliona mara mbili, waliofikiwa ni kama 830. Msimu ambao wengi wanatangaza, bei ikipanda hadi 9,000, pesa ile ile hununua mara 1,111 tu. Na anayelenga Babati mjini peke yake atafika mahali ambapo "kuonekana" kunapanda kila siku huku "waliofikiwa" wamesimama: watu wale wale wanaliona kabati mara ya tano, ya sita. Hapo ni bora kupanua eneo, kuelekea Magugu upande wa Arusha au Katesh upande wa Singida, kabla ya kugusa bajeti.