Kutoka Benki ya Nyumba hadi rehani ya leo

Zamani Mtanzania aliyetaka mkopo wa kujenga alikwenda Benki ya Nyumba, THB, iliyoundwa kwa sheria ya 1972. Riba yake ilikuwa nafuu, lakini mikopo mingi haikurejeshwa, na mwaka 1995 benki hiyo ikafa. Tangu hapo muuguzi au mwalimu wa Ndanda alijenga kwa mshahara, na mkulima kwa fedha za korosho: msimu huu matofali, msimu ujao bati.

Benki za biashara zilisita kukopesha kwa miaka 15, kwa sababu fedha walizoweka wateja zinaweza kutolewa siku yoyote. Sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008 iliimarisha rehani, na TMRC, iliyoanzishwa 2010, ikaanza kuzikopesha benki fedha za muda mrefu. Mlango ukafunguka, ila gharama halisi ya fedha sasa ikawa juu ya mkopaji.

Tuseme nyumba ya Masasi mjini inauzwa shilingi milioni 60, na benki inakopesha asilimia 80. Mnunuzi anapiga hesabu ya kianzio cha milioni 12. Mthamini aliyesajiliwa anafika, anapima jengo, anakagua hati, anaulizia bei za jirani, kisha anaandika milioni 50. Benki hufuata takwimu hiyo, si bei ya muuzaji. Mkopo unakuwa milioni 40, na kianzio kinapanda hadi milioni 20.

Kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15, rejesho la milioni 40 ni kama shilingi 560,000 kwa mwezi. Riba isiyobadilika ikifungwa hapo, rejesho halisogei. Riba inayobadilika ikipanda hadi 18 tangu mapema, rejesho linafika kama 644,000. Mara nyingi riba hufungwa kwa miaka michache tu, kwa hiyo soma kwenye mkataba inaisha lini, na baada ya hapo inapangwa kwa kipimo gani.

Nje ya rejesho kuna ada ya benki, malipo ya mthamini na wakili, usajili wa rehani, na bima ya nyumba na ya maisha ya mkopaji. Ukishahamia, kuna kodi ya pango la ardhi, na kodi ya jengo ambayo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU.

Kwa nyumba nyingi za vijijini kuzunguka Ndanda, kikwazo huanza kabla ya riba. Hati ya kimila inaweza kisheria kuwekwa rehani, lakini kwa kawaida benki hutaka kiwanja kilichopimwa chenye hati miliki. Kwa hiyo hakiki hati kwanza, uthamini ufuate, na kianzio kiwe cha mwisho. Ukimlipa muuzaji kabla ya mthamini kuandika, milioni nane zilizopungua utazitafuta huku fedha zako tayari ziko mikononi mwake.