Upana wa Tai na Picha Mbili za Mohoro

Neno tai lina maana mbili katika lugha yetu, na ngeli ndiyo inayozitenga. Tai huyu ni ndege arukaye juu. Tai hii ni utepe wa kitambaa unaofungwa shingoni chini ya ukosi wa shati. Ndege hana haja ya kuelezwa. Utepe huo, ambao watu wengi huufunga bila kuutazama, una habari nyingi kwa mwenye kutafuta tarehe ya picha ya zamani, na insha hii yataka kuonyesha ni habari gani unazoweza kutoa na ni zipi usizoweza.

Mohoro, katika Rufiji, hujulikana na wasomaji wa historia kwa sababu ya Kinjikitile Ngwale, aliyenyongwa huko na Wadachi tarehe 4 Agosti 1905 mwanzoni mwa Vita vya Maji Maji. Katika mji huohuo, ndani ya sanduku la bati la bibi yangu, mlikuwa na picha mbili. Ya kwanza ni ya kijana aliyesimama, amevaa koti lililo wazi, shati jeupe na tai pana yenye maua makubwa. Picha imekatwa juu kidogo ya magoti. Ya pili ni ndogo zaidi, ya mtu aliyeketi mbele ya pazia, naye amevaa tai ya kipepeo. Nyuma ya picha hizo hapana jina wala tarehe.

Bibi alishika neno moja siku zote: yule wa kwanza ni mumewe, aliyepigwa picha aliporudi kutoka Burma baada ya Vita Kuu ya Pili. Baba yangu mdogo alikana. Kwa maneno yake, yule alikuwa kaka yake mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi, aliyefariki kabla sijazaliwa. Baba na mwana walifanana kwa uso kama shilingi na shilingi, basi uso haukuweza kuamua. Ilibaki nguo.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua upana wa tai. Picha haina rula, lakini shati lina vifungo, na kifungo cha kawaida cha shati la kiume kina kipenyo cha milimita 11 hivi. Niliikuza picha hata kifungo kikawa milimita 5. Tai, pale ilipo pana kuliko kwingine, ikawa milimita 50, yaani mara kumi ya kifungo. Kwa hiyo tai yenyewe ilikuwa na upana wa sentimita 11 hivi. Kisha nikapima upindo wa koti, yaani ile sehemu ya mbele inayokunjuka kifuani, nao ukakaribia kipimo hichohicho. Hili si ajabu, maana washonaji wa miji yote hufuata kanuni moja: upana wa tai hulingana na upana wa upindo. Upindo ukipanuka tai hupanuka, na upindo ukipungua tai hupungua. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960 tai zilikuwa nyembamba, nyingi sentimita 5 au 6 tu. Picha yetu haikuwa ya miaka hiyo.

Hapo mtu mwenye haraka angesema: tai ya sentimita 11 ni ya miaka ya 1970, na shauri limekwisha. Walakini ingekuwa kosa. Tai zilipata kuwa pana mara mbili katika karne iliyopita. Katika miaka ya 1940, hasa baada ya vita kwisha, tai za namna ya Kimarekani zilifika upana huohuo, nazo zilikuwa na picha na maua makubwa vilevile. Upana peke yake, basi, ulimpa bibi haki sawa na baba mdogo. Ilipasa kutafuta tofauti kati ya tai pana ya mwaka 1946 na tai pana ya mwaka 1974.

Nikaligeukia fundo. Mafundo yanayotumiwa zaidi ni mawili. La kwanza ni fundo jepesi: ncha pana hupitishwa juu ya ncha nyembamba, huzungushwa mara moja kamili, hupandishwa kooni kutoka chini, kisha hushushwa ndani ya kitanzi kilichobaki mbele. Fundo hilo ni dogo, hurefuka kidogo, na huinama upande mmoja. La pili huitwa fundo la Windsor. Ncha pana hupandishwa na kushushwa kooni upande wa kulia na upande wa kushoto kabla ya kuzungushwa mbele, nalo hutoka nene, lenye pembe tatu zilizo sawa. Mtawala wa Windsor mwenyewe alieleza kwamba hakulifunga fundo hilo. Alifunga lile jepesi kwa tai zilizotiwa bitana nene, na watu walioona unene wake wakabuni fundo la kuuiga. Kisa hiki kinatuonya: fundo nene katika picha laweza kutokana na mkono wa mfungaji, na laweza pia kutokana na kitambaa.

Katika picha ya bibi fundo ni nene sana, lakini limeinama upande mmoja. Ni fundo jepesi, basi, lililonenepeshwa na tai yenyewe. Hapo ndipo kitambaa kilipoanza kusema. Tai iliyoshonwa vyema hukatwa mshazari, yaani nyuzi za kitambaa hupita kwa pembe ya digrii 45, ili inyumbuke wakati wa kufungwa na irudi mahali pake bila kujipinda. Ndani yake hutiwa bitana. Tai nyingi za miaka ya 1940 zilikuwa za hariri au reyoni laini, zenye bitana nyepesi. Ingawa ncha yake ilikuwa pana, sehemu ya shingoni ilikuwa nyembamba, na fundo likatoka dogo kuliko mtu atarajiavyo. Tai za miaka ya 1970 zilikuwa kwa sehemu kubwa za polista nzito yenye bitana ngumu, pana hata karibu na fundo. Hata fundo jepesi likifungwa kwa tai ya namna hiyo huvimba kama ngumi. Polista yenyewe ilibuniwa Uingereza mwaka 1941, wala haikuenea madukani ila katika miaka ya 1950.

Ushahidi wa mwisho ulikuwa urefu. Suruali za miaka ya 1940 zilifungwa juu, karibu na kitovu, na tai zake zilikuwa fupi. Ncha iliishia juu ya kiuno. Katika picha yetu suruali imekaa chini, nyongani, haina marinda mbele, na ncha ya tai inaufunika mkanda. Tai fupi ya mwaka 1946 isingefika hapo. Mambo matatu, yaani fundo lililovimba, urefu wa tai na mahali pa mkanda, yalikubaliana. Nilijaribu hata kuwaza kwamba picha imechapwa kinyume au kuchezewa, lakini leso nyeupe iliyokunjwa kama utepe ulionyooka ilikuwa katika mfuko wa kifua wa kushoto, mahali pake hasa katika koti la kiume. Picha ilikuwa ya kweli, nayo ilikuwa ya miaka ya 1970.

Mtu aweza kupinga kwamba katika miaka hiyo tai ilikuwa imekwisha toka mwilini mwa Watanzania. Ni kweli kwamba Mwalimu Nyerere, aliyevaa suti na tai alipokuwa kijana katika siasa, alielekea suti nyepesi isiyo na tai baada ya ziara yake ya China mwaka 1965, na viongozi wengi wakamfuata. Lakini huo ulikuwa mfano wa kuigwa, haukuwa kama marufuku ya Zaire, ambako Rais Mobutu aliiondoa tai hata alipowaruhusu watu kuirudia katika hotuba yake ya tarehe 24 Aprili 1990. Kwetu tai iliondoka ofisini ikabaki arusini, na ikabaki studio za picha.

Ndipo nilipoitazama picha ya pili, nikitumaini kwamba huyo aliyeketi ndiye babu. Tai ya kipepeo hubadili sura ya mvaaji kwa njia yake. Tai ndefu huliongoza jicho kutoka shingoni hata kiunoni, na huficha vifungo vya shati. Tai ya kipepeo hulizuia jicho kooni. Kifua chote huachwa wazi, kila kifungo na kila kunyanzi huonekana, na leso ya mfukoni, ambayo kando ya tai ndefu ni nyongeza tu, huwa ndiyo pambo la pekee la kifua. Katika picha hii leso ilikuwa na pembe tatu zilizosimama, nayo ilimfanya mtu yule aonekane yuko karamuni, hali miguuni pake, pembeni mwa picha, ilionekana sakafu ya udongo.

Tai ya kipepeo iliyofungwa kwa mkono haiwi sawa pande zote: upande mmoja kunjo huwa mbele na ncha nyuma, upande wa pili ncha huwa mbele. Hii ilikuwa sawasawa kulia na kushoto, kama kitu na kivuli chake majini. Ilikuwa imefungwa kiwandani. Na siku moja, katika nyumba ya jirani hapo Mohoro, nikaonyeshwa picha ya mzee mwingine kabisa, ameketi mbele ya pazia lilelile, na shingoni ana tai ileile, yenye alama ileile ya kuchanika kwenye bawa la kulia. Mpiga picha alikuwa akiwaazima wateja wake tai, na yamkini leso pia. Tai ile haikuwa ya babu wala ya jirani. Haiwezi kutuambia lolote juu ya aliyeivaa, isipokuwa kwamba alipita mbele ya pazia lile.

Huo ndio mpaka wa elimu hii. Tai pana, nzito na ndefu yaweza kusema, "Mimi sikuwako mwaka 1946." Haiwezi kusema imevaliwa mwaka gani baada ya kushonwa, kwa kuwa tai hudumu, hurithiwa, huuzwa mitumbani. Nayo ya kuazima haisemi hata hilo.

Nilimweleza baba mdogo niliyoyaona. Alisikiliza hadi mwisho, akaichukua picha ya kwanza, akaifuta kwa kiganja. "Nilijua ni kaka," akasema. "Lakini mama hana picha nyingine ya baba. Usimwambie, mwanangu." Sikumwambia. Bibi alifariki picha ile ikiwa ukutani juu ya kitanda chake, mwana akishika mahali pa baba, na ile ndogo ya tai ya kipepeo, ambayo huenda ndiyo ya mumewe, ikiwa bado ndani ya sanduku.